Meza ya Felisita

Felisita Mayige aliajiriwa mapokezi katika zahanati ya mtu binafsi pale Bariadi mwaka 1992, mwaka mmoja tu baada ya serikali kuruhusu tena zahanati za namna hiyo. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika cha pamba, na wanunuzi binafsi walipoanza kunukia, yeye aliondoka mapema. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti inayofika mbali bila kupandishwa, na hakupenda kuambiwa jambo bila kuambiwa sababu yake.

Bosi wake wa kila siku alikuwa Jilala, tabibu aliyestaafu serikalini, ambaye watu wote walimwita Daktari. Jilala alikuwa mtu wa haki na mkali. Daftari likikosewa mstari, zahanati nzima ilijua.

Ugomvi wao ulianza na Krismasi ya mwaka 1994. Mwaka huo maduka ya mjini yalikuwa yamejaa vitu vya kung'aa kutoka Dubai, na Felisita alinunua utepe mwekundu wa karatasi, akaufunga kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya mlango wa chumba cha matibabu. Ulipendeza kweli. Siku ya tatu akaletwa kijana aliyeishiwa maji mwilini kwa kuharisha. Akawekewa dripu pale pale kwenye benchi, kisha wakambeba kumwingiza ndani, nesi akitembea pembeni ameinua chupa juu. Mpira wa dripu ukanasa kwenye utepe. Sindano ikachomoka mkononi, damu ikamwagika sakafuni, mama wa kijana akapiga yowe. Kijana alipona, lakini jioni ile Jilala aliung'oa utepe kwa mkono wake na kuutupa kwenye shimo la taka.

"Kuanzia leo," alisema, "pambo lolote ni marufuku hapa. Hii ni zahanati, siyo baa."

Felisita alichukua ndoo na tambara. Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Alideki damu ile mwenyewe.

Lakini mwaka mzima neno lile la "lolote" lilimkera. Aliwatazama watu wanaokaa kwenye mabenchi yake: wanawake waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni, wazee wasiojua wataambiwa nini chumba cha ndani. Walikaa wakitazama ukuta wenye rangi ya majivu na tangazo la bei. Siku hizi walilipa kwa kila kitu, hata kadi. Hospitali ya serikali nayo ilikuwa imeanza kutoza. Yeye aliona kwamba anayelipa, na hata asiyekuwa nacho, anastahili kukaa mahali palipotengenezwa kwa ajili yake.

Desemba ya 1995 ilipofika, hakuomba ruhusa. Jumamosi tarehe kumi na sita, wagonjwa walipokwisha, alifunga mlango akaanza kazi. Kwanza aliosha. Alifuta kaunta kwa maji ya dawa, akapunguza vitu juu yake mpaka vikabaki vya kazi tu: daftari, sanduku la kadi, kalamu yenye kamba. Vyote alivipanga kulia, upande anaosimama mgonjwa, na kulia hakuweka pambo hata moja. Kushoto, karibu na ukuta, aliweka chupa moja ya matawi mabichi, yasiyo na maua, kwa sababu wapo wanaobanwa kifua kwa vumbi la maua. Chini ya vitu hivyo alitandika kitambaa cha popelini ya kijani, pindo likining'inia mbele ya kaunta. Rangi zilikuwa mbili tu, kijani na nyeupe.

Kwenye kuta alitumia misumari iliyokuwepo tayari, maana gundi ingebandua rangi. Alipitisha uzi wa katani kando kando ya ukuta, karibu na dari, akaning'iniza nyota alizokata kwa karatasi nyeupe. Hakuna uzi uliokatiza njia. Tangazo la bei, ratiba ya chanjo na mshale wa kwenda maabara viliachwa wazi. Puto hakununua, maana moja likipasuka karibu na mtoto mwenye homa, kuna kazi. Juu ya benchi refu akaandika kwa herufi safi: HERI YA SIKUKUU. Wagonjwa wake walikuwa Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu, na wengine walioshika mila za mababu zao. Heri haikumfukuza mtu.

Jumatatu asubuhi Jilala aliingia, akasimama katikati. Mabenchi yalikuwa yamejaa.

"Felisita. Nilisema nini?"

"Ulisema marufuku, Daktari."

"Na hivi ni vitu gani?"

"Ni mapambo."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza haraka.

"Toa."

"Sitoi," alisema Felisita. Hakupandisha sauti. "Mwaka jana nilikosea, ukang'oa, ukawa na haki. Mwaka huu nionyeshe yanapozuia kazi. Ukinionyesha, natoa sasa hivi, mbele ya watu hawa."

Jilala akaingia chumba cha matibabu, akatoka na chupa ya dripu iliyokwisha, mpira ukining'inia. Akaiinua mpaka mkono uliponyooka wote, na yeye alikuwa mrefu. Akatembea kutoka mlango wa nje hadi ndani. Akarudi. Akapita tena, safari hii akisugua bega ukutani. Mpira haukugusa kitu.

Akaenda kaunta. Akasimama anaposimama mgonjwa, akasoma tangazo la bei kwa sauti, akatazama mshale. Mwisho akainama, akashika pindo la kitambaa cha kijani lililoning'inia.

"Hapa," alisema. "Mtoto anayetambaa atavuta hiki, sanduku la kadi limwangukie kichwani."

Felisita aliangalia. Daktari alikuwa amesema kweli. Akatoa pini kwenye droo, akapiga magoti, akakunja pindo na kulibana chini ya ubao likakaza kama ngoma. Akavuta kwa nguvu. Halikusogea.

"Kingine, Daktari?"

Jilala alinyoosha mgongo. "Hata hivyo sitaki," alisema.

"Basi sema hutaki tu, usiseme ni kazi. Kama hutaki tu, stuli ile pale. Panda utoe mwenyewe. Mimi mkono wangu hautoi."

Bibi mmoja wa kijiji cha Kimali, jina lake Kwandu, aliyekuja na mguu uliovimba, akaegemea fimbo yake.

"Mwangaluka, baba," alimsalimia Jilala kwa Kisukuma, polepole. "Nimekaa hapa nikihesabu nyota zile. Mguu umenisahau kidogo. Usizitoe kabla sijamaliza."

Jilala alijibu salamu. Aliitazama stuli, akawatazama watu, akaukunjakunja mpira ule wa dripu mkononi. "Mgonjwa wa kwanza," akasema, akaingia ndani.

Hakusema neno la sifa siku ile wala siku zilizofuata, na Felisita hakulisubiri. Kila asubuhi alifuta nyota vumbi, akabadilisha maji ya chupa, akaandikisha watu.

Tarehe mbili Januari alipanda stuli, akaanza kushusha uzi. Jilala akatokeza kichwa mlangoni.

"Mbona unatoa? Watu wameyazoea."

"Sikukuu imeisha, Daktari. Yakikaa mpaka Machi yatakuwa uchafu, na hapo ndipo utakuwa na haki ya kunifokea." Akashuka na nyota mkononi. "Sikupi nafasi hiyo."