Nukta za Upande wa Nyuma

Mwalimu wetu wa kwaya alipostaafu alihamia Kurui kwa mwanawe, macho yakiwa yameshafifia. Alituachia wimbo mmoja ambao haukuwahi kuimbwa, ameuandika kwa wino, kwa noti za solfa, kwenye karatasi nyembamba mbele na nyuma. Tulitaka kwenda kumwimbia Jumapili, ausikie kama alivyoutunga. Kuskani nikajitwika mimi, mwenye steshenari hapa Pangani, na majigambo sikukosa.

Niliwatumia wenzangu PDF kwenye simu. Mazoezini ikawa vurugu tupu! Sisi sauti ya pili tunakata pigo, besi wanavuta, kila mmoja anaapa anasoma kilichoandikwa. Na kweli tulikuwa tunasoma kilichoandikwa, ila cha pande zote mbili. Maandishi ya nyuma yalikuwa yamejitokeza mbele. Herufi zilionekana zimegeuka, tukaziruka. Lakini nukta hata uigeuze inabaki nukta, na kwenye solfa nukta moja hugawa pigo katikati.

Nikaongeza mwangaza kwenye kompyuta. Nukta za nyuma zikafutika, na za mbele zilizopauka zikaondoka nazo. Nilikasirika, nikaufungua mfuniko wa skana kwa nguvu, nikabaki nautazama kwa ndani. Mweupe pee! Mwanga ulikuwa unapenya karatasi, unagonga weupe ule na kurudi, ndiyo maana wino wa nyuma ulionekana.

Nikachomoa karatasi ngumu ya manila nyeusi rafuni, nikailaza nyuma ya ukurasa, nikaskani upya. Ukurasa mzima ulitoka wa kijivu, lakini nyuma kimya! Kwenye kompyuta nikaung’arisha ule ukijivu taratibu hadi ukawa mweupe, nikiacha kabla wino wa Mwalimu haujaguswa. Nilipiga kigelegele, mteja wa fotokopi akadhani nimepata mchumba. Nikalinganisha kila ukurasa na karatasi yenyewe, ndipo nikaunganisha PDF.

Kurui tulimkuta kwenye kiti barazani. “Shikamoo Mwalimu!” “Marahaba wanangu. Haya, nisikie.”

Tukaimba. Vidole vyake vilihesabu mapigo gotini, mara akainua mkono.

“Sauti ya pili, hapo mmekata pigo. Mimi sikuandika hivyo.”

Nilitoa karatasi kwenye mkoba, nikaigeuza. Kwa nyuma palikuwa na tone nene la wino, limepenya hadi likatokea mbele pale pale, kama nukta. Wino uliopenya haujali manila nyeusi. Nikamweleza, machozi yakinilenga, kwamba nilitaka ausikie wimbo wake, bila kasoro hata moja.

“Rudieni hapo,” akasema.

Tukarudia. Akasikiliza, akatuambia turudie tena, safari hii akiimba nasi sauti ya pili, na lile pigo akalikata pamoja nasi.

“Hiyo nukta usiifute, mwanangu,” akaniambia. “Ndiyo niliyokuwa naitafuta.”