Mgonjwa Awe Amelala

Watu husema chama ni msaada. Mimi nikisikia hivyo siku hizi nanyamaza, maana nikifungua mdomo nitaharibu siku ya mtu. Lakini hapa naandika, hakuna wa kuninyamazisha, basi acha niseme yote.

Chama chetu ni cha wanawake wa soko la Voi. Mimi nauza mboga: kabeji, karoti na dania zinazoshuka kutoka Werugha huko milimani, kwa mama mkwe wangu. Tunakutana Jumapili baada ya kanisa, uani kwa mwenyekiti, ambaye anauza nguo za mitumba na ana sauti ya kuuza nguo za mitumba. Kila mmoja anatoa mchango wa mzunguko, na zote zikikusanywa anapewa mmoja, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, mpaka wote tupate ndipo tuanze upya. Kando ya huo mzunguko kila mtu anaweka akiba kidogo. Hizo za akiba hazirudi nyumbani na mwekahazina. Zinakopeshwa palepale mezani, kwa riba, kwa yeyote aliye na biashara ya kusukuma. Mwenyekiti hupenda kusema pesa yetu hailali, na sisi tunapiga makofi kama wajinga.

Halafu kuna mfuko wa dharura. Ule ni mdogo, hauna riba, unalipwa polepole, na huo ndio uliofanya mimi niingie chama. Mzunguko hata kopo chini ya kitanda lingefanya kazi yake. Niliingia kwa sababu ya ile siku ambayo kila mwanamke anaijua, siku ya kuambiwa lete pesa sasa hivi na wewe huna. Miaka yote sikuugusa. Wenzangu walikopa za biashara, wakakopa za karo, mmoja akakopa za harusi ya shemeji yake, mimi nikakaa. Nilikuwa najiambia, yangu iko pale, shida ikija nitaikuta.

Shida ilikuja kwa mguu. Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli, na alikuwa na sukari, ile ya damu. Siku moja alikanyaga msumari. Kwa sababu ya sukari hata hakusikia uchungu, akaendelea na kazi, na mimi nilikuja kujua nilipoona soksi imeganda. Kule zahanati waliosha, wakafunga, wakatupa dawa. Kidonda kikakataa. Kikaanza kunuka. Daktari wa hospitali akakiangalia, akasema kwa upole kabisa kwamba lazima asafishwe kwenye chumba cha upasuaji, nyama iliyooza itolewe, haraka, la sivyo mguu wenyewe utaenda. Akauliza kama tuna bima. Tulikuwa nayo lakini ilikuwa imeisha. Sisi tusio na mshahara tunatakiwa kuilipa ya mwaka mzima kwa mpigo mmoja, na mwaka huo mvua ilikuwa imekataa huko milimani, mboga hakuna, na hela ya mpigo mmoja hakuna. Bila bima, tulipe taslimu. Nilipoambiwa ni pesa ngapi nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Sasa mtu mwenye akili anajua pale ndipo pa kukopa. Pesa ya bima tu! Si pesa ya kutisha. Ukiilipa, chumba cha upasuaji kinafunguka, mguu unasafishwa, mtu anarudi kwa baiskeli zake na deni linalipika. Nilitembea kutoka hospitali nikiwa karibu kufurahi. Nikamwambia, baba watoto, tulia, Jumapili haiko mbali.

Jumapili nikasimama nikaeleza. Wakanisikiliza vizuri, siwezi kusingizia. Halafu katibu akafungua katiba ya chama. Dharura ni kifo, ama moto, ama mgonjwa aliyelazwa. Aliyelazwa. Sheria hiyo ilikuwa na sababu yake, na nilikuwepo ikipitishwa: kuna mwenzetu aliyechukua pesa ya dharura akisema mama yake anaumwa, tukaja kumkuta amenunua viti vya sofa. Tulikasirika sana siku hiyo. Hata mimi niliinua mkono, na ningeinua tena, maana zile zilikuwa pesa za watu.

Nikasema, kwani nimngoje alale ndio nije? Mwenyekiti akasema, dada yangu, hakuna anayekukatalia. Watu wawili watakuja kumwona, wakitosheka na hali yake tutapitisha hata katikati ya wiki. Hiyo ndiyo desturi yetu, hatutoi dharura bila kumwona mgonjwa. Mwenyekiti mwenyewe akasema atakuja, pamoja na katibu. Nikashukuru.

Jamani. Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilimwambia mume wangu kuna wageni.

Wanaume wa kwetu milimani hawaugui mbele ya watu. Anaweza kulia usiku mbele yangu, na alilia, lakini mgeni akibisha hodi anakuwa mzima. Mimi nilitoka kwenda kutafuta maziwa ya chai. Niliporudi nilikuta ameoga, amevaa shati la kanisani, na ule mguu, Mungu wangu, ule mguu ameutia ndani ya soksi safi na kiatu cha kufunga kamba. Amesimama mlangoni. Anawakaribisha. Amewatolea viti mpaka nje kivulini, anataniana nao, anamwambia mwenyekiti alete baiskeli ya mwanawe atamkazia breki bure.

Nikasema, waonyeshe mguu. Akanitazama vile anavyonitazama nikimwaibisha. Akasema, hawa wamekuja kusalimia, wewe unataka kuwaharibia chai? Mwenyekiti akamwuliza, baba, unajisikiaje? Akajibu, niko sawa mama, huyu ana wasiwasi tu, unajua wanawake. Wakacheka wote watatu. Nikasimama pale na sufuria ya maziwa nikitaka kuimwaga juu ya kichwa chake. Ningemvua kile kiatu kwa nguvu? Mbele ya wageni, mwanamume mzima? Labda ningemvua. Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara nakuta mikono yangu bado imeshika sufuria.

Walipoondoka nilimfokea mpaka majirani wakazima redio wasikie. Yeye aliketi kitandani akaanza kufungua kamba za kiatu, na kiatu hakikutoka. Tulikitoa kwa maji ya vuguvugu.

Jumapili iliyofuata ripoti ikasomwa: tumemkuta mgonjwa amesimama, amevaa viatu, ana maneno mazuri, tunamshukuru Mungu. Nikapiga kelele. Nikasema amewadanganya, huyo ni mwongo, nendeni tena! Mwenyekiti akasema watarudi wiki ijayo, na kama ni pesa tu nataka, nikope za biashara kama watu wengine, kwa riba. Nikasema sawa, nipe hizo. Basi mwekahazina akafungua mikono. Za wiki hiyo zilikuwa zimeshagawanywa kabla sijamaliza kupiga kelele, kwa mwenye nguruwe na mwenye kibanda cha chipsi. Pesa yetu hailali. Na yangu ya miaka yote haikuwa imelala popote, ilikuwa nguruwe.

Nikabaki na njia moja. Mzunguko siku ile ulikuwa wa jirani yangu wa meza, anayeuza nyanya. Kwetu inaruhusiwa kuombana zamu, yeye anipe yake mimi nimpe yangu ikifika, mradi sote wawili tukubali. Nikamfuata nje, nikamshika mkono. Alilia kabla mimi sijalia. Akaniambia alikuwa amechukua mabati tayari, kwa mkopo dukani, na mwenye duka alikuwa anamngoja kwenye lango la mwenyekiti. Nikageuka nikamwona, kweli, ameegemea pikipiki. Sikumkasirikia. Mvua ikirudi watoto wake wangenyeshewa.

Mkopo wa simu nilikuwa nimeshaumaliza kwa dawa. Mama mkwe akauza mbuzi huko Werugha, bei ya kiangazi, ikawa nusu ya bima, na nusu ya bima haifungui kitu.

Mwezi haukuisha, wala ile ziara ya pili haikuwa imefika. Asubuhi moja nilimwita hakuitika vizuri, alikuwa anaongea na watu ambao hawakuwepo, mwili moto, na weusi umepanda mpaka karibu na goti. Tukamlaza hospitali. Nilipiga simu kwa mwenyekiti kutoka kwa benchi ya wodi. Akaja yeye na katibu kabla ya saa sita mchana, wakihema, na huko wodini hakukuwa na soksi. Mwenyekiti alishika mdomo. Akatoka nje akapiga simu, na mchana huohuo pesa ya dharura ikaingia kwa simu yangu, yote, na bima nikailipa nikiwa nimesimama kwenye korido. Sasa amelala, si ndiyo? Nilimwambia hivyo usoni. 

Walikata mguu juu ya goti. Daktari yule mpole akaniambia sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Mume wangu aliamka mara moja, akaniuliza kama zile baiskeli za watu zimerudishwa kwa wenyewe. Nikamwambia zimerudishwa. Hazikuwa zimerudishwa. Akafa alfajiri, na mimi nilikuwa nimetoka kununua uji.

Bado nalipa ule mkopo. Najua utauliza kwa nini sijatoka chama. Nitoke niende wapi? Nikipata shida kesho nitamwambia nani? Hata sheria haikubadilishwa, tuliijadili, wakasema ikilegezwa kila mwenye mafua atataka dharura, na sikuwa na nguvu ya kubishana.

Siku tuliyompandisha Werugha kuzika, kulikuwa na ukungu na barabara inateleza, lakini walikuja wote, basi zima, na leso zao za sare. Waliimba vizuri. Baada ya kaburi kufunikwa mwenyekiti akaniita kando ya matuta ya kabeji. Pesa ya msiba kwetu si ya mfuko ule wa kukopa, ni mchango wa kando: haiombwi, haina riba, hairudishwi, hakuna wa kuja kukagua. Kila mtu alikuwa ametoa, hata wa mabati, hata yule wa sofa. Akanipa bahasha, akanikumbatia, akalia kwelikweli.

Niliihesabu usiku nikiwa na mama mkwe. Ilikuwa inalipa bima ya mwaka mzima, mara mbili, na chenji ikabaki.