Kikapu Kilichorudi Kitupu

Majina yote ninayo kichwani, hata la dereva wa lori lililobeba kikapu chetu na la mbwa wake, lakini wanangu wameniomba nisiyaandike. Basi nitasema mwenzangu, na mkamwana wangu, inatosha.

Mwenzangu alikuwa Mmatengo wa milimani huko Mbinga, wanakolima kwa kuchimba mashimo, mimi ni Mnyasa wa hapa ziwani, Mbamba Bay, tunakoishi kwa usipa, dagaa wetu. Tulijuana wodini, vitanda vyetu vikiwa ubavu kwa ubavu, tukajifungua siku moja, yeye wa kike, mimi wa kiume. Kabla hata watoto hawajaogeshwa, ameshaanza utani: "Mla usipa, huyo mwanao ananuka ziwa." Nikamjibu, "Mchimba mashimo, wako kaja na udongo kichwani." Nesi akadhani tunagombana. Akatutenganisha na pazia.

Ilipofika miaka ya ruksa, magari ya watu binafsi yakaanza kupanda na kushuka, nasi tukapata njia yetu. Kikapu kimoja, daftari moja. Mimi naweka usipa mkavu, naandika ukurasa wangu, nampa utingo wa lori. Yeye anatoa usipa, anatia maharage, anaandika chini ya maneno yangu, kikapu kinashuka. Sote wawili tuliishia darasa la nne, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake kwa mwandiko. Tulichekana kwa mengine yote. Na kikapu hakirudi kitupu. Hata kama nyumbani hakuna kitu, utatia limau moja.

Sasa mwaka mmoja kikapu kilipanda, hakikushuka. Kahawa ikachumwa ikaisha, mvua zikanyesha zikaisha. Kimya. Halafu siku moja utingo akanirushia kikapu kutoka juu ya lori, nikakidaka, nikakiona chepesi. Ndani hamna punje. Daftari tu. Nikafungua ukurasa wa mwisho:

"Kikapu chako hicho."

Basi. Hakuna salamu, hakuna Mla usipa.

Damu ilinipanda. Nikachukua boksi la sabuni, nikalipasua, nikaandika nyuma yake: "Kikapu kitupu umekitoa wapi? Huko kwenu maharage yameoa yakahama?" Nikampelekea mkamwana wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, anisahihishie herufi.

Akasoma. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshanisalimia asubuhi."

"Nimeona nikusalimie tena kwanza. Mama, hapa unamuuliza, au unampiga?"

"Yeye ndiye kaanza!"

"Daftari lote umelisoma?"

"Nimelisoma mstari wa mwisho. Umenitosha."

"Lisome tangu mwanzo, mama. Jibu litakuwepo tu kesho."

Nikakaa kando ya chanja ya kuanikia usipa, nikasoma kwa sauti, maana mimi bila sauti sioni neno. Mwanzoni nilicheka mpaka kunguru wakapata nafasi ya kuiba. Lakini nilivyoendelea nikaona jambo. Kurasa zangu zilizidi kuwa ndefu. Zake zilizidi kuwa fupi, na herufi zake zilizidi kuwa kubwa, zinaacha mstari, zinapanda kama mtu anayetafuta njia mlimani. Na mimi, hapo hapo chini yake, nilikuwa nimemwandikia: "Unaandika kama unavyolima, mashimo makubwa makubwa. Daftari litaisha, ewe mtu!"

Nikafunua. Baada ya habari za nguruwe wa jirani alikuwa ameandika hivi: "Macho yangu yana ukungu. Hospitali wamesema ni mtoto wa jicho, daktari wa macho akija wanipasue. Wanataka mtu wa kunikalia wodini. Binti zangu wako mbali na sijawaambia. Naogopa kisu. Ungekuja?"

Na jibu langu? Ninalo hapa, siwezi kulikana, mwandiko ni wangu: "Kipofu mwenye shamba la mashimo! Tutakufunga kamba kama mbuzi. Nitumie maharage ya njano, siyo yale meupe."

Hakuna neno la kwenda wala la kutokwenda. Mara iliyofuata ameandika "Maharage hayo." Ya njano. Halafu ndipo kile kimya.

Kwetu utani unaruhusiwa hata msibani. Mtani anaweza kulala kaburini akadai alipwe kwanza ndipo atoke, na wafiwa wakacheka. Lakini hata mtani anajua saa ya kushika jembe. Mimi nilikuwa nimelala kaburini, jembe sikulishika.

Nikarudi kwa mkamwana wangu na boksi lingine. Nilikuwa nimeandika, "Nilikosea, lakini na wewe ulificha swali lako nyuma ya nguruwe." Akaweka kidole juu ya neno "lakini". Nikalifuta. Nikaandika, "Nilikosea, ila kikapu kitupu ni vibaya." Kidole kikahamia kwenye "ila".

"Sasa niseme nini, kama kila neno unalikalia?"

"Alikuuliza nini, mama?"

"Kama nitakwenda."

"Sasa mjibu hilo."

Nilitaka nijaze kikapu mpaka mdomoni, na samaki wawili wakubwa, mbasa wa kukaushwa, juu. Akasema, "Zawadi kubwa hivyo itamlazimisha akusamehe. Weka ya siku zote." Nikaweka usipa wa siku zote. Halafu nikamwomba ile kalamu nene anayoandikia mabango ya darasani. Maneno manne kila ukurasa, nikaandika kama mtu anayepaka rangi mtumbwi:

"Mwenzangu, nimesoma daftari lote. Uliniuliza kama nitakuja hospitali. Nikakujibu maharage. Ulikuwa unaogopa, mimi nikacheka. Nilikosea. Kama hujapasuliwa, nitakuja nikukalie. Kama umeshapasuliwa, nitakuja nikusalimu. Ukitaka nisije, nitakaa. Niambie tu."

Sikumuuliza kwa nini alinyamaza. Kikapu kitupu sikukitaja. Na utani hata mmoja sikutia, mtajua wenyewe nilivyoteseka. Mkono ulikuwa unawasha. Lile daftari liliisha kwa barua hiyo moja.

Utingo akakipokea. "Bibi, leo humtukani?"

"Leo hapana. Endesheni polepole."

Nikangoja. Kila lori lililoshuka nilikuwa barabarani, nikijidai natafuta kuku. Mwisho kikapu kikaja, na maharage ya njano, na karatasi. Herufi kubwa, zinapanda: "Jumanne ya pili. Uje na blanketi zito, na ukikoroma nakufukuza."

Nilikwenda. Nilimshika mkono mpaka mlangoni kwa daktari, naye alinibana vidole mpaka pete ikaniumiza. Kesho yake jicho moja likafunguliwa bandeji. Akanitazama muda mrefu.

"Mla usipa! Kumbe umezeeka hivi? Na miaka yote hukuandika!"

Nikacheka, nikalia, vyote pamoja. Nikaona sasa naweza kumuuliza kuhusu ule mstari mmoja.

"Nilikuwa na maneno mengi ya kukuambia," akasema. "Mstari wa pili sikuuona uko wapi."

"Kwa hiyo hukuwa na hasira?"

"Hasira nilikuwa nayo, usijidanganye. Ndiyo maana kikapu nilikikung'uta mara mbili."

Akanyoosha mkono chini ya mto, akatoa lile daftari. Alikuwa amekuja nalo. Akalifungua pale penye barua yangu, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Herufi kama ng'ombe," akasema. "Nani alikuambia mimi kipofu?"