Mlio Uliponyamaza Kawangware

Watu wanaponiuliza kama nimewahi kupigwa na stima, huwa nasema ndiyo, kanisani, mbele za watu, na wakanipigia makofi. Wanacheka. Mimi bado sijajua pa kuchekea.

Wakati huo tulikuwa tunaishi mtaa wa Kianda, mimi na mume wangu, na kazi yetu ya wikendi ilikuwa moja. Yeye alikuwa fundi wa sauti. Mimi nilipiga gitaa la besi na kuimba. Tukialikwa na kanisa lisilo na vyombo kamili tulienda na vyetu: gitaa langu, maikrofoni, mixer ya mume wangu ya kuchanganyia sauti, nyaya kwenye gunia, na kile kisanduku kidogo cha chuma kiitwacho DI. Gitaa linaingia upande mmoja wa DI, halafu sauti inagawanyika. Njia moja inaenda kwa amplifaya iliyo nyuma yangu, nyingine inasafiri na waya mrefu hadi kwa mixer. Ubavuni kisanduku hicho kina swichi ndogo ya kukata ardhi, yaani earth, ile njia ya usalama ya kupeleka chini stima inayovuja; inatenganisha ardhi ya upande wa gitaa na ardhi ya upande wa mixer. Vyombo viwili vikichomekwa kwenye soketi mbili tofauti na kuunganishwa pia kwa waya wa sauti, mara nyingi kunatokea mlio mzito, mmm, usiokwisha. Unabonyeza ile swichi, mlio unanyamaza. Mume wangu aliipenda swichi hiyo kupita kiasi. Nilikuwa namtania kwamba siku akiniacha, ataondoka nayo.

Jumapili hiyo tuliitwa na kanisa moja la mabati, karibu na kituo cha Kawangware 46. Amplifaya ya besi ilikuwa yao, kubwa, nzee, imefungwa kamba ubavuni. Mzee wa kanisa aliyetupokea alituonyesha kwa fahari ekstensheni aliyoitengeneza kwa mikono yake ili stima ifike hadi madhabahuni. Plagi ilikuwa ya pini tatu, soketi ya matundu matatu, kila kitu kimefungwa vizuri kwa tepu nyeusi. Mume wangu aliitazama akasema, "Safi, mzee." Amplifaya ikaingia hapo. Mixer ikaingia kwenye soketi ya ukutani, kule nyuma.

Tulipowasha, mlio ukatupokea. Haukuwa wa kawaida, ulikuwa mnene, unakwaruza. Mume wangu akaja mbele, akainama, akabonyeza swichi ya DI. Kimya. Kimya kitamu hivi kwamba mama mmoja aliyekuwa anapanga viti alisema, "Ai, mmeipatia dawa!" Mume wangu alirudi kwa mixer akitembea kama waziri.

Nilijaribu gitaa, nikaimba kidogo. Maikrofoni yangu ilikuwa na kofia ya sponji, na viatu vyangu vilikuwa raba. Sikuhisi kitu. Vidole vyangu vyote vilikuwa kwenye nyuzi, na wala havikuwa vimegusa chuma kingine chochote.

Ibada ikaanza, ikapamba moto. Kwenye wimbo wa tatu wa kuabudu, watu wamefumba macho, stendi ya maikrofoni ikaanza kuteremka taratibu, mpaka nikawa naimba huku nimeinamisha shingo. Mkono wa kushoto ulibaki kwenye nyuzi. Wa kulia nikaunyoosha, nikaishika maikrofoni yenyewe, kwenye mwili wake wa chuma, niipandishe.

Sijui nieleze vipi. Watu husema stima hukurusha. Mimi haikunirusha, ilinishika. Vidole vya kulia vilijikunja kwenye maikrofoni, vya kushoto vikajikunja kwenye shingo ya gitaa, na kati ya mikono hiyo kifua changu kikawa kitu cha kupitia tu. Nilitaka kupiga kelele. Taya hazikufunguka. Kilichotoka ni mngurumo, na ukaingia kwenye maikrofoni, na kanisa zima likausikia.

Basi kanisa likasema, "Haleluya!"

Nilisikia kila kitu, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilimsikia pasta akisema, "Shuka, Bwana, shuka!" Nilisikia makofi. Nilikuwa nimepiga magoti, natetemeka, gitaa shingoni, maikrofoni mkononi na stendi imenilalia, na mpiga ngoma akaongeza kasi. Nilikuwa nakufa kwa mdundo. Mama mmoja wa huduma alikuja mbio na leso ya kunifunika miguu, kama wanavyofanya mwanamke akianguka katika Roho. Alikuwa amevua viatu kwa heshima ya madhabahu, na sakafu ya simiti ilikuwa imepigwa deki asubuhi. Alinigusa bega tu. Akaruka nyuma, akaketi chini, macho yamemtoka. Kanisa lilivyoona na yeye amepokea, lilisimama lote.

Hapo niliogopa kifo kweli. Si kwa sababu ya maumivu. Nilielewa kwamba hakuna hata mtu mmoja mle ndani aliyekuwa na mpango wa kuniokoa, kwa kuwa wote walikuwa wananifurahia.

Mume wangu ndiye aliyejua. Baadaye aliniambia kwamba kwenye mixer, chaneli ya maikrofoni yangu ilianza kunguruma ule mlio mnene tulioufukuza asubuhi, na besi ikawa haina noti. Alikuja akikimbia katikati ya viti akipiga kelele, "Zimeni stima! Ni stima hiyo!" na mtu mmoja akamdaka kiuno akimwambia, "Tulia, ndugu, usimzuie Mungu." Alimsukuma. Hakunigusa. Namshukuru kwa hilo kuliko maua yote ambayo hajawahi kuninunulia. Aliifuata ekstensheni hadi ukutani, akaing'oa plagi.

Mikono yangu ikafunguka. Nikaanguka kifudifudi juu ya gitaa langu.

Hospitalini walipima moyo, wakanifunga vidole vilivyoungua, wakasema nimepona. Mume wangu akanirudisha nyumbani. Jioni alirudi Kawangware peke yake, akaja na ile ekstensheni ndani ya mfuko wa plastiki, na amplifaya kwenye mkokoteni. Aliifungua plagi juu ya meza yetu. Pini mbili zilikuwa na waya. Ile pini kubwa ya juu, ya ardhi, haikuwa na kitu. Mzee alikuwa ametumia waya bapa wa nyuzi mbili, ule wa kufungia balbu, akauvalisha plagi ya pini tatu na soketi ya matundu matatu. Kwa nje, hakuna aliyeweza kujua.

"Cheki," mume wangu aliniambia. "Hii amp inavuja stima kwa bodi yake ya chuma. Na haina earth. Ilikuwa inatumia waya yangu ya sauti kama earth, inapita kwa gitaa yako, kwa DI, mpaka kwa mixer. Ule mlio ndio ilikuwa stima ikienda kwa earth. Mimi nikaikatia njia."

"Ikabaki inangoja njia nyingine," nikasema.

Alilia, na mimi nikakasirika, kwa sababu niliyepigwa ni mimi na sikuwa nimelia bado. Kisha nikalia pia.

Tangu siku hiyo hakutaka kuigusa DI. Alitaka kuitupa mtoni. Nilimkataza. Swichi haikuwa na kosa. Kila chombo kikiwa na ardhi yake kamili kupitia plagi yake, swichi hiyo inakata tu ule waya wa ziada unaoleta mlio, na hakuna anayedhurika. Lakini chombo kisichokuwa na ardhi nyingine ila huo waya wa sauti, ukikikatia umemwacha mtu aliyeshika gitaa awe ndiye waya. Tofauti yote ni hiyo, na haionekani kwa macho. Inapimwa.

Fundi mmoja wa mtaa wa Olympic akaitengeneza ile amplifaya. Mume wangu akasuka ekstensheni mpya, ya waya wa nyuzi tatu. Na kanisa likatuita tena. Mume wangu akasema hatuendi. Nikasema tunaenda, na maikrofoni nitaishika mimi, la sivyo sitaishika popote tena maisha yangu.

Tulipowasha, mlio ukaja. Safari hii mwembamba, laini, mmm ya kawaida. Mzee wa kanisa, kwa nia njema kabisa, akasema, "Si mtoe tu hiyo waya ya pini kubwa kwa plagi? Mimi hufanya hivyo nyumbani, kelele inaisha."

Mume wangu, mtu asiyewahi kumpandishia mzee sauti, alimpigia kelele hadi ndege wakaruka kwenye mabati. "Hiyo haitolewi! Kwa plagi, never! Inakatwa hapa kwa DI peke yake, na ni baada ya kupima!"

Akapima. Kutoka bodi ya amplifaya hadi pini kubwa ya plagi, ardhi ipo. Vivyo hivyo kwa mixer. Akaacha kila kitu kimewashwa, akakata swichi ya DI bila mtu kushika chochote, akaweka ncha moja ya mita yake ya kupimia stima kwenye nyuzi za gitaa na nyingine kwenye maikrofoni. Sufuri. Akarudisha swichi ilivyokuwa, akapima tena kila kitu toka mwanzo. Mlio ukarudi. Akainama mbele ya DI, kidole juu ya swichi, na kidole hakikushuka.

"Siwezi," akasema.

Nilivaa gitaa. Niliibonyeza swichi mwenyewe, mlio ukanyamaza, na kabla sijapata muda wa kufikiria niliitoa kofia ya sponji, nikaishika maikrofoni kwa mkono mtupu, nyuzi kwenye mkono mwingine. Ilikuwa chuma baridi tu. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya plagi ukutani, ameishika, tayari kuing'oa. Alibaki hapo ibada yote. Mixer ilijiendesha.

Niliimba kuliko nilivyowahi kuimba. Wimbo wa kuabudu ulipofika niliona watu wa viti vya mbele wamefumbua macho, wananitazama. Yule mama wa huduma alikuwa amesimama karibu, leso mkononi. Pasta alirudia kiitikio, akarudia tena, mpiga ngoma akaongeza kasi, na mimi nikaendelea kuimba nimesimama wima, mpaka wimbo ukaisha na watu wakakaa polepole.

Nje, tukipakia vyombo, yule mama alinijia. Alinishika mkono, ule wenye makovu, akauangalia kwa huruma ya kweli.

"Mama, usife moyo," akaniambia. "Endelea kufunga na kuomba. Hata sisi leo tumengoja, tukaona Roho hajakujia."

Nilifungua mdomo nimweleze habari za plagi. Nikamtazama usoni, alivyokuwa amenisikitikia, na nguvu zote zikaniisha.

"Asante, mama," nikasema. "Niombee."