Mtungi Uliokauka kwa Mkupuo

Kitu cha kwanza ambacho mtu angekiona kwake ni shingo. Akikaa mbele ya kompyuta, huinamisha kichwa upande kama kuku aliyesikia kitu nyuma ya ua, na hubaki hivyo mpaka chai yake ipoe. Ndiyo maana wenzake ofisini walimbatiza Shingo Upande, ingawa hakuna kazi aliyowahi kuifanya shingo upande.

Kampuni yao iliuza vifurushi vya meseji kwa shule, vyama vya akiba na zahanati. Mteja hulipa kwanza, akapewa meseji zake. Zisipotumwa ndani ya mwezi, muda wake huisha nazo hufutwa. Kazi ya Shingo Upande ilikuwa kusoma takwimu na kuwaeleza wenzake nani anatumia nini.

Asubuhi hiyo Bwana Mauzo aliingia akipiga mluzi.

"Dada, niandalie ripoti ya ile kliniki ya wajawazito. Wale ndio wateja! Kila mwezi wanalamba sahani. Nataka niwauzie kifurushi kikubwa zaidi."

"Ile ya karibu na stendi?"

"Hiyo hiyo. Mbona umeshtuka, wanakudai?"

"Mdogo wangu anahudhuria pale."

"Basi mwambie azae mapacha, meseji ziongezeke!"

Shingo Upande alicheka, akafungua chati. Nguzo za kliniki zilikuwa zimejaa mpaka juu, mwezi baada ya mwezi. Kichwa kikaanza kuinama.

Salio la kliniki hupungua kama mtungi unaochotwa kwa kata: leo kidogo, kesho zaidi, Jumapili hamna. Lakini kwa miezi mitatu sasa mtungi huu ulikaa umejaa mpaka siku ya mwisho ya kifurushi, kisha ukakauka kwa mkupuo. Akaiacha chati, akafungua kumbukumbu zenyewe. Kila meseji inayotumwa huacha mstari wake, wenye saa na namba ya mpokeaji. Hapa kila mwezi ulikuwa na mstari mmoja tu. Ulibeba meseji zote za kifurushi, haukuwa na mpokeaji, na kwenye sehemu ya sababu paliandikwa: muda umeisha.

Chati haikusoma sababu. Ilichukua salio la kuanzia, ikatoa lililobaki, na tofauti yake ikaiita matumizi. Maji yaliyonywewa na maji yaliyomwagika, kwake yalikuwa mamoja.

Hapo ndipo maneno ya mdogo wake yalipomrudia. Siku chache nyuma, akikata kucha kitandani, alikuwa amesema: "Nilishapimwa damu, dada. Walisema kukiwa na tatizo watanitumia meseji. Mpaka leo kimya. Mambo safi." Nao wakafurahi, wakaanza kubishania jina la mtoto.

Alipiga simu kliniki. Karani alimjibu kwa upole wa mtu mwenye uhakika.

"Haiwezekani, dada yangu. Ripoti zenu wenyewe zinasema tumemaliza zote."

"Ripoti inahesabu na zilizokufa bila kutumwa. Tafadhali, angalia kwenye mfumo wenu meseji mlizojaribu kutuma."

Vitufe vikagongwa. Kisha sauti ikarudi, nyembamba.

"Mungu wangu. Zimerundikana hapa, zote zimekataliwa. Tangu tulipobadilisha nywila ya kuingia kwenye mfumo wenu."

"Niangalizie jina la mdogo wangu."

"Majina ya wagonjwa siwezi kukusomea. Namwita fundi sasa hivi. Tutaanza na za zamani."

Bwana Mauzo alichungulia mlangoni. "Ripoti yangu?"

"Usiwauzie kitu," alisema Shingo Upande bila kugeuka. "Miezi mitatu hawajatuma hata meseji moja."

Mluzi haukusikika tena.

Alimpigia mdogo wake. Simu iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Dada, mbona unahema? Umefukuzwa kazi?"

"Vaa viatu uende kliniki. Sasa hivi."

"Viatu gani? Miguu imevimba tangu juzi, haiingii hata kwenye viatu vya shemeji yako." Mdogo mtu akacheka. "Na kichwa kinanigonga kama mdai mlangoni."

"Vaa ndala. Nakuja kukuchukua. Usikate simu."

Mkono mmoja ulikuwa tayari umeshika mkoba, lakini macho yalibaki kwenye kioo cha kompyuta. Kumbukumbu za kliniki zilikuwa zimeanza kusogea. Mstari mmoja, wenye namba. Mwingine. Kisha mingine mingi kwa pamoja, kila mmoja na mpokeaji wake, na salio likashuka polepole jinsi linavyopaswa kushuka.

"Dada?" sauti ilisema sikioni. "Subiri. Simu imetetemeka. Kuna meseji imeingia."

"Inatoka wapi?"

"Kliniki. Ngoja niifungue."

Shingo Upande aliikandamiza simu sikioni, kichwa kimeinama, akasubiri.