Dakika Kumi za Kuuliza Sababu

Mwaka ule wa 2002 Butembo ilikuwa imeshaona watawala wengi kuliko matrekta ya kutengeneza barabara. Kasika, dereva wa mtaa wa Mususa, alikuwa ameendesha magari chini yao wote bila kugonga hata mbuzi. Ndiyo maana barua kutoka Beni ilimchanganya. Shirika moja la kusambaza dawa lilimshukuru kwa kuomba kazi ya udereva, likamtakia mafanikio mema, likamchukua mtu mwingine.

Kukataliwa si kitu. Wakati wa vita mtu hukataliwa hata na kiatu chake. Kilichomuuma ni kwamba mtihani wa barabara ulikwenda vizuri ajabu. Na mwezi uliofuata shirika lingetafuta dereva mwingine, safari hii wa Butembo. Bila kujua alikosea wapi, angekosea tena palepale, kwa ustadi uleule.

“Tuandike,” alisema Zorobabel, baba yake mdogo, aliyesoma sheria mwaka mmoja na hajapona mpaka leo. Akaandika kurasa nne. Ndani yake mlikuwa na haki zilizokanyagwa, mababu waliotukanwa, na mjane mmoja anayelia.

“Mujane gani?” aliuliza Nadège, mke wa Kasika.

“Wewe.”

“Mais, lakini bwana yangu iko hapa anakula!”

Nadège akachukua kalamu, akafuta mababu, akajifuta na mwenyewe. Barua iliyobaki, kwa Kifaransa safi cha shule ya masista, ilisema hivi: nashukuru mlinipa nafasi ya kujaribu, nimepokea uamuzi wenu na siandiki ili kuupinga, ila ningependa kujifunza. Kama inawezekana, naomba dakika kumi, siku yoyote inayowafaa, mnieleze nifanye nini vizuri zaidi. Kama kazi haziruhusu, nitaelewa, na bado nashukuru.

“Hii haiko barua,” alinung'unika Zorobabel. “Ni kupiga hodi tu.”

“Ndiyo ile. Unapiga hodi, hauvunje mulango.”

Barua ilipanda pick-up ya Beni. Wiki ya pili jibu likarudi: Alhamisi, saa nne, dakika kumi. Asubuhi ya safari Zorobabel akatokea na jogoo amefungwa miguu, maana kwetu huendi kwa mkubwa mikono mitupu.

“Baba, bataniona nimekuja kununua kazi,” alisema Kasika, akawaacha jogoo na Zorobabel wakitazamana.

Huko Beni Kasika alipokelewa na Mama Clémence, mkuu wa magari, mwenyeji wa Kasai aliyekaa pembeni yake siku ya mtihani na fomu magotini. Mama huyo alikuwa ameshika faili kifuani kama ngao.

“Umekuja kubishana?”

“Hapana, mama. Kuuliza tu.”

Faili ikashuka mezani. “Mu kuendesha, ulikuwa wa kwanza. Mais pa bariyeri, pale banafunga njia ya Oicha, soda mumoja wa jeshi alisimamisha gari, akasema anaenda mbele, umupakie. Ulifanya nini?”

“Nilimufungulia mulango.”

“Na bunduki yake?”

“Nilimusaidia kuiweka muzuri, mama.”

“Voilà. Gari yetu haipakie bunduki. Hata moja! Wale wa upande mwingine bakiiona, kesho banatupiga sisi. Iliandikwa mu karatasi ya masharti tulikupatia mbele ya kuanza mtihani.”

Kasika alikuwa amedhani pale ndipo alipong'aa. Maneno yakamjaa mdomoni: kila dereva wa Kivu anajua, ukikataa soda utalala kwenye bariyeri! Lakini aliomba dakika kumi za kusikia. Akayameza, yakashuka kama ugali wa fufu bila mchuzi.

“Aksanti, mama. Nimeelewa kosa yangu.”

Clémence, aliyekuwa amejiandaa kwa vita, akabaki hana adui. “Et toi, wewe, ungeweza kumukataa?”

“Naweza. Ninazima gari, ninashuka, namusalimia na heshima. Namuambia: chef, mukubwa, hii gari haiko yangu. Ukipanda na bunduki, jioni mimi sina kazi, na niko na batoto. Basoda nabo beko na batoto.”

“Donc unajua! Sasa juu ya nini ulimupandisha?”

“Mama, wewe ulikuwa unaangalia saa. Niliwaza uko na haraka.”

Clémence alicheka mpaka miwani ikateleza. Kasika naye akatazama ukutani: dakika ya tisa. Kazi ya Butembo ilimwasha ulimini, hakuitaja. Akasimama, akashukuru.

“Tangazo ya Butembo itabandikwa lundi, Jumatatu ijayo,” alisema Clémence. “Utaandika sawa na batu bote. Njia ya pembeni haiko. Na ile karatasi, uisome!”

Jioni Zorobabel alikuwa akimsubiri mlangoni. “Umepata kazi?”

“Nimepata sababu.”

“Sababu! Tutaikula na majani ya sombe ao na maharagi?”

Kasika akampita, akaingia ndani. Akaketi chini na kile kikaratasi cha masharti, akikisoma kwa mara ya kwanza, kidole chini ya kila mstari, huku Nadège akijifanya soda wa bariyeri, ufagio begani, akidai apandishwe mbele.

“Chef,” alianza Kasika, “hii gari haiko yangu…”