Megapikseli Hamsini za Wilkista

Hapa Kericho, duka la simu anamouza Wilkista limepakana na studio yangu ya kuchapisha picha. Wilkista ana mdomo mtamu hadi unakera, na kila asomacho kwenye boksi anakiamini kama Injili. Nilimwambia apunguze. Akaniita mzee wa kamera za filamu.

Kipkemoi, mkulima wa chai ambaye ulimi wake hugeuza z kuwa s na d kuwa t, alikuja kutafuta simu. Mamake alikuwa mgonjwa, na nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja ya kutundikwa ukutani.

"Madam, nikikusa picha itakuwa safi?"

"Hii ni AI camera, ndugu. Megapixel hamsini, zoom mara kumi. Kuza hadi ijae ukuta!"

Akanunua, akaenda nayo nyumbani. Mama alikuwa amelala kwenye chumba chenye giza, naye hakutaka kumwamsha. Akasimama mlangoni, akavuta zoom hadi mwisho, akapiga. Wiki hiyohiyo mama akafa.

Aliniletea picha niikuze, ibebwe mbele ya jeneza. Nilipoifungua kwenye kompyuta nilishikwa na hasira. Uso ulikuwa laini kama sabuni iliyolowa, bila hata kunyanzi moja. Masikio yake marefu, yale ya akina mama wa zamani yaliyotobolewa na kuvutwa, simu ilikuwa imeyachanganya na blanketi.

Nilimwita Wilkista aje na boksi. Tukasoma maandishi madogo ya nyuma, ambayo hakuwahi kuyasoma. Hadi megapikseli hamsini: kamera yenyewe ni ya megapikseli nane, zilizobaki zimejazwa na programu. Ubora sawa na kamera kubwa: sawa kwa kipimo gani, hawakusema. Zoom ya juu kabisa mara kumi: simu inakata kipande cha katikati na kukitanua tu. Kuhusu AI, yaani akili bandia, hakukuwa na hata mstari mmoja wa kueleza inafanya nini. Programu ya kulainisha nyuso ilikuwa imewashwa tangu kiwandani.

"Lakini hapa mbele wameandika hamsini," Wilkista alinong'ona.

"Wameandika hadi," nikamkata.

Dada zake Kipkemoi walipoiona picha walikataa isibebwe. Wakasema huyo si mama yao. Ilibidi nikuze kile kipicha cha kitambulisho cha mama, kilichochakaa hata macho hayaonekani vizuri.

Baada ya mazishi Kipkemoi alirudi dukani, nami nikiwapo. Wilkista alijikunyata, akingoja matusi. Nami, kusema kweli, nilitaka amtukane. Lakini Kipkemoi aliweka simu mezani taratibu.

"Madam, si ulisema iko na AI? Ipe kasi irutishe sura yake. Nitangoja."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Wilkista hakuisifu simu.

"Itachora mtu mwingine, ndugu. Mama hayuko ndani ya hii simu."

Kipkemoi aliendelea kuitazama simu, kisha akavuta kiti akaketi kungoja.